Mdororo wa Uchumi na Msimu Mbaya: Namna ya Kuvitofautisha

Kila mwezi wa Januari, katika soko la Virunga hapa Goma, husikika kauli moja: biashara imelala. Sherehe zimekwisha, akiba imeliwa, na wanunuzi wamepungua. Katika mazungumzo ya kila siku, hali hiyo huweza kuitwa mdororo. Kwa wanauchumi, hata hivyo, neno hilo lina maana finyu zaidi, nayo ndiyo tunayokusudia kuieleza katika makala haya.

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuza vitenge alipata dola 900 mwezi Desemba na dola 500 mwezi Januari. Akilinganisha miezi hiyo miwili, ataona kwamba karibu nusu ya mapato yake imepotea. Lakini ikiwa Januari ya mwaka uliotangulia alipata dola 490, hakuna kilichoharibika, kwani Januari yake ni ile ile ya siku zote. Kama Januari iliyopita alipata dola 800, hapo kuna jambo la kuulizwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuondoa athari ya msimu. Wanatakwimu hulinganisha kipindi na kipindi kama hicho cha mwaka uliopita, au husawazisha tarakimu kwa kuzingatia mwenendo wa miaka mingi, ndipo robo moja ya mwaka iweze kulinganishwa na ile iliyoitangulia.

Msimu ukishaondolewa, hubaki kuamua kama upungufu uliosalia unastahili jina la mdororo. Kanuni inayotajwa sana husema kwamba pato la taifa lipungue kwa robo mbili mfululizo. Kanuni hiyo ni rahisi kukumbukwa, lakini haitoshi. Nchini Marekani, Ofisi ya Taifa ya Utafiti wa Uchumi hutazama mambo matatu: kina cha anguko, upana wake katika sekta mbalimbali, na muda wake. Anguko la mwaka 2020 nchini humo, kuanzia Februari hadi Aprili, lilidumu miezi miwili tu. Hata hivyo liliitwa mdororo, kwa sababu lilikuwa na kina kikubwa na liligusa karibu kila shughuli.

Kenya inatupatia mfano ulio karibu nasi. Kwa takwimu zilizotolewa wakati huo, katika robo ya pili ya mwaka 2020 pato la nchi hiyo lilipungua kwa asilimia 5.5, na katika robo ya tatu kwa asilimia 1.1, kila robo ikilinganishwa na robo kama hiyo ya mwaka 2019. Msimu, basi, haukuweza kulaumiwa. Hoteli zilipoteza sehemu kubwa mno ya shughuli zake, shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, na uchukuzi ulipungua. Kilimo kiliendelea kukua, na hilo linatufundisha kwamba mdororo hauhitaji kila sekta ianguke. Kinachotakiwa ni kwamba maanguko yawe mengi na mazito kiasi cha kuushinda ukuaji wa sekta nyingine. Mwaka mzima ulifungwa kwa upungufu wa asilimia 0.3, na ukuaji ukarejea mwaka 2021.

Tukirudi Goma, tunakutana na hali ya tatu, ambayo si msimu wala si mdororo. Mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, benki zilifungwa na uwanja wa ndege ukasimama. Mfanyabiashara aliyekuwa na fedha benki hakuweza kuzitoa, na aliyetaka kuuza alikosa mnunuzi mwenye noti mkononi. Hakuna Januari ya kawaida inayofanana na hiyo. Hata hivyo, kwa makadirio ya Shirika la Fedha la Kimataifa, uchumi wa Kongo kwa jumla uliendelea kukua mwaka huo, hasa kwa nguvu ya madini ya Katanga.

Sababu ya tofauti hiyo imo katika kipimo chenyewe. Pato la taifa hujumlisha nchi nzima, na tani za shaba zinazotoka Kolwezi huweza kufunika maduka yaliyofungwa Goma. Isitoshe, sehemu kubwa ya biashara yetu haiandikwi popote, hivyo kuanguka kwake huonekana kwa shida katika hesabu za taifa.

Basi, anayesema kwamba nchi haimo katika mdororo huenda anasema kweli, na jirani yake wa Goma aliyefilisika naye anasema kweli. Wa kwanza amesoma jumla ya nchi. Wa pili amesoma daftari lake. Kosa huanza pale jumla inapotumiwa kukanusha daftari.