Mashudu hayakutii hasara, ni daftari lako

“Bwana shamba, mashudu yananitia hasara, bora niyaache mashineni,” kijana mmoja wa hapa Ngumbo aliniambia. Nikamwambia, mdogo wangu, lete daftari.

Alikamua kilo 450 za alizeti. Kununua, kusafirisha na kukamua kulimla 500,000. Akapata lita 120 za mafuta (kama kilo 110) na kilo 300 za mashudu. Gharama akaigawa kwa uzito, mashudu yakabebeshwa kama 366,000, wakati yanauzwa 150,000 tu! Lazima uone hasara.

Tukagawa upya kwa thamani ya mauzo, kwa bei ya palepale mashineni, vitu viwili vinapoachana:

Mafuta: 120 × 5,000 = 600,000
Mashudu: 300 × 500 = 150,000
Jumla: 750,000

Mafuta ni asilimia 80, yabebe 400,000. Mashudu asilimia 20, yabebe 100,000. Sasa lita imemgharimu kama 3,333 na kilo ya mashudu 333.

Kuchuja na madumu ni baada ya kuachana, hivyo viandike kwenye mafuta peke yake. Na usitumie bei ya mafuta yaliyokwisha kuchujwa kugawia.

Ila angalia: kwa njia hii vyote huonyesha faida ya asilimia ileile, kwa hiyo haikuambii uache kipi. Ile 500,000 imeshatoka, uuze mashudu usiuze. Kama kuyafunga na kuyabeba ni 30,000, ukiyaacha mashineni umetupa 120,000.