Lugha, Idhini na Mapato: Blogu ya Kiswahili ya Malukhu mbele ya Mtandao wa Matangazo

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna blogu ya Kiswahili inayoandikwa Malukhu, jijini Mbale, inavyoweza kupata idhini ya Google AdSense na kuongeza mapato kwa kila kurasa elfu moja zinazosomwa. Hoja kuu ni kwamba lugha huamua mambo mawili tofauti: kwanza iwapo ukurasa unaruhusiwa kubeba tangazo, na pili kiasi ambacho tangazo hilo hulipa. Kiswahili kimeshinda katika jambo la kwanza. Katika la pili bado hakijashinda, na hapo ndipo sera inapohitajika.

1. Utangulizi

Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikuwa tayari yamekitaja kuwa lugha rasmi ya pili, kitumike kwa namna ambayo Bunge lingeelekeza. Mbale na Jinja zimekizoea Kiswahili tangu zamani kupitia biashara, kambi za jeshi na barabara kuu iendayo Kenya. Hata hivyo, kijana wa Malukhu anayetaka kuishi kwa kalamu yake mtandaoni hukutana na orodha nyingine ya lugha ambayo haikutungwa Kampala. Ni orodha ya lugha zinazokubaliwa na AdSense. Kiswahili kimo katika orodha hiyo. Kigisu, ambacho wenyewe hukiita Lumasaaba, hakimo. Wala Kisoga, Kiteso na Kiganda havimo.

2. Lango la kwanza: lugha ya ukurasa

Masharti ya AdSense hayaruhusu msimbo wa matangazo kuwekwa kwenye ukurasa ambao maudhui yake, kwa sehemu kubwa, yako katika lugha isiyokubaliwa. Maneno "kwa sehemu kubwa" yana uzito. Makala ya Kiswahili yenye methali tatu za Kigisu haivunji sharti hilo, ilhali makala nzima ya Kigisu yenye kichwa cha Kiswahili inalivunja. Wenye blogu wengi wa mashariki mwa Uganda huandika kwa kuchanganya: aya moja ya Kiswahili, moja ya Kiingereza, na maelezo ya picha kwa lugha ya nyumbani. Kwa msomaji wa Mbale mchanganyiko huo ni wa kawaida. Kwa programu inayotambua lugha, ukurasa mfupi uliochanganywa hivyo hutoa ushahidi hafifu, na huenda ukahesabiwa kuwa wa lugha ambayo mwandishi hakuikusudia.

Baadhi ya waandishi hudhani kwamba tatizo hilo huisha kwa kutangaza lugha ndani ya msimbo wa ukurasa, kama ifuatavyo:

```
<html lang="sw">
```

Alama hiyo inafaa, kwani husaidia vivinjari na programu za kuwasomea wasioona. Lakini Google imeeleza kwamba chombo chake cha utafutaji hutambua lugha kwa kuyasoma maneno yenyewe, si kwa kuitegemea alama hiyo. Njia ya uhakika zaidi ni kuupa kila ukurasa lugha moja kuu. Mwandishi anayependa kuendelea kuandika Kigisu hana haja ya kukiacha. Anaweza kuziweka kurasa hizo katika sehemu yake na kuhakikisha kwamba msimbo wa matangazo hauwekwi humo.

3. Lango la pili: thamani ya maudhui

Utaratibu wa maombi wenyewe si mgumu. Mwombaji awe na umri wa miaka 18 au zaidi, awe na uwezo wa kuuhariri msimbo wa tovuti yake, na athibitishe kuwa tovuti ni yake. Uthibitisho hufanywa kwa kuweka msimbo wa AdSense katika kurasa, au alama maalumu katika kichwa cha ukurasa, au faili iitwayo ads.txt kwenye mzizi wa tovuti. Faili hiyo huwa na mstari mmoja, ambamo namba ya mchapishaji huwekwa mahali pa sifuri:

```
google.com, pub-0000000000000000, DIRECT, f08c47fec0942fa0
```

Ukaguzi kwa kawaida huchukua siku chache, ingawa unaweza kufika wiki mbili hadi nne. Jibu linalowakatisha tamaa wengi ni lile linaloonekana kwenye skrini kama "Low value content". Jibu hilo halielezi ni ukurasa gani wenye kasoro, na ndiyo maana mwombaji hubadilisha rangi za tovuti na kuomba tena, akakataliwa tena.

Sababu huonekana zaidi mtu akisoma kurasa zake kama mgeni. Chukulia blogu inayoandika habari za kahawa ya arabika ya Mlima Elgon. Ukurasa wa kwanza una aya mbili zilizotafsiriwa kutoka tangazo la Kiingereza kuhusu bei, na tangazo hilohilo limo katika tovuti nyingine kumi. Ukurasa wa pili unaeleza jinsi mkulima anavyomenya kahawa siku ileile aliyoichuma, anavyoiacha ichachuke usiku kucha, anavyoiosha, na kwa nini kuianika kwenye kichanja huiokoa na harufu ya udongo. Ukurasa wa kwanza hauongezi kitu ambacho msomaji hangekipata kwingine. Ukurasa wa pili una ujuzi wa mahali, na kwa Kiswahili ujuzi kama huo ni adimu. Blogu yenye kurasa nyingi za aina ya kwanza hukataliwa hata ikiwa na chache nzuri. Dawa yake ni kuziondoa au kuziandika upya kurasa dhaifu kabla ya kuomba tena, na kuhakikisha kwamba sehemu zote za menyu zina maudhui, kwani sehemu tupu humpa mkaguzi sura ya tovuti isiyokamilika.

4. Hesabu ya mapato kwa kurasa elfu moja

Idhini ikishapatikana, kipimo kinachotazamwa ni kile kinachoandikwa "Page RPM". Hupatikana kwa kugawanya mapato kwa idadi ya kurasa zilizosomwa, kisha kuzidisha kwa 1000. Kipimo hiki ni zao la mambo mawili: idadi ya matangazo yanayoonyeshwa katika ukurasa mmoja kwa wastani, na malipo ya wastani kwa kila matangazo elfu yaliyoonyeshwa. Kuyatenganisha mambo haya humwonyesha mwandishi udhaifu uko wapi.

Mfano wa kubuni utasaidia. Blogu ya Malukhu inasomwa kurasa 20,000 kwa mwezi. Kwa wastani ukurasa mmoja unaonyesha matangazo 1.5, yaani matangazo 30,000 kwa mwezi. Malipo ni dola 0.40 kwa matangazo elfu, hivyo mapato ya mwezi ni dola 12, na mapato kwa kurasa elfu ni dola 0.60. Kwa kuwa AdSense hailipi kabla salio halijafika dola 100, mwandishi atangoja hadi mwezi wa tisa.

Wengi hujibu hali hiyo kwa kurundika matangazo. Tuseme ukurasa sasa unaonyesha matangazo matano. Mengi yako chini kabisa, mahali ambapo msomaji hafiki. Ukurasa unafunguka polepole kwenye simu. Na wanunuzi wanaopima iwapo tangazo limeonekana hushusha bei. Malipo yakishuka hadi dola 0.15 kwa matangazo elfu, mapato kwa kurasa elfu huwa dola 0.75. Mwandishi akipunguza na kubakiza nafasi mbili zinazoonekana, moja baada ya aya ya pili na nyingine katikati ya makala, na malipo yakapanda hadi dola 0.50, mapato kwa kurasa elfu huwa dola 1.00. Mwezi humletea dola 20, na dola 100 hupatikana kwa miezi mitano. Matangazo mawili yamelipa kuliko matano. Dalili ya kutazama ni hii: idadi ya matangazo ikipanda huku malipo kwa elfu yakishuka kwa kasi zaidi, marundo ndiyo tatizo.

5. Msomaji yuko wapi

Bei ya tangazo hupangwa kwa mnada kila ukurasa unapofunguliwa, na wanunuzi hutazama msomaji alipo. Msomaji aliye London kwa kawaida hugombaniwa na wanunuzi wengi kuliko aliye Mbale, hata wakisoma ukurasa uleule wa Kiswahili. Kwa hiyo makala yanayowafaa Waganda walio ughaibuni yanaweza kupandisha wastani. Lakini pana sharti: tangu Januari 2024, tovuti inayoonyesha matangazo yanayomlenga mtu binafsi kwa wasomaji wa Umoja wa Ulaya na Uingereza lazima itumie chombo cha kuomba ridhaa kilichoidhinishwa na Google. Blogu isiyo nacho hupata matangazo hafifu kwa wasomaji walewale wenye thamani kubwa. Dalili yake ni malipo ya Uingereza kuwa karibu sawa na ya Uganda katika taarifa ya nchi kwa nchi.

Njia ya mkato inayoangamiza ni kuwaomba marafiki wabofye matangazo. Makundi ya kubofyeana huacha alama zilizo wazi: mibofyo mingi kutoka mahali pamoja, kwa watu walewale, bila hatua yoyote baada ya kubofya. Fedha hizo hukatwa na kurudishwa kwa wenye matangazo, na akaunti inaweza kufungwa.

6. Hitimisho na mapendekezo

Mwandishi wa Malukhu anaweza kurekebisha lugha ya ukurasa, thamani ya maudhui, nafasi za matangazo na chombo cha ridhaa. Hawezi kurekebisha uchache wa wanunuzi wanaogombania msomaji wa Mbale. Mnada wenye mnunuzi mmoja hauna bei. Taasisi za umma zinazotangaza kampeni za chanjo, kodi au kilimo kwa redio na mabango zinaweza kutenga sehemu ya bajeti hiyo kwa matangazo ya Kiswahili mtandaoni yanayolenga miji ya mashariki. Kila mnunuzi anayeingia huinua bei kwa blogu zote za eneo hilo, na ujumbe humfikia mwananchi katika lugha ambayo serikali yenyewe imeiidhinisha.

Kuhusu Kigisu na lugha jirani, washauri wa sera wasidhani kwamba kukipa Kiswahili hadhi kunazisaidia pia. Katika soko hili kunaleta kinyume chake: mwandishi anayeweza kuandika kwa lugha zote mbili hulipwa kwa moja tu, na baada ya muda ataiacha nyingine. Uandishi wa lugha hizo utahitaji ruzuku au udhamini wa moja kwa moja, kwa sababu mapato ya matangazo hayataufikia maadamu lugha hizo hazimo katika orodha.