Simu ya Mezani Isiyo na Waya Ikinyamaza

Ukibonyeza kitufe cha kupiga kwenye simu ya nyumbani isiyo na waya, husikii chochote, wengi huulaumu ule mkono ulioshika. Lakini mlio wa laini hautengenezwi mle. Hutoka kwa kampuni ya simu, ukaingia kwenye kitako kwa waya wa ukutani, na kitako ndicho kinachourusha kwa mawimbi ya redio hadi sikioni. Njia hiyo ikikatika popote, unachosikia ni ukimya uleule.

Kwa hiyo kabla ya kununua kitu, jua kwanza ni upande gani uliokatika. Vitako vingi vina kitufe cha kuutafuta mkono uliopotea chini ya mito ya kochi. Kibonyeze. Mkono ukilia, kitako kina umeme, betri zina nguvu kiasi, na redio inafanya kazi, basi kasoro iko kwenye waya au kwenye laini yenyewe. Usipolia, liache suala la laini kwa muda, uangalie umeme na betri.

Umeme wa kitako huwashangaza wazee waliozoea simu ya zamani ya waya. Simu ile ilipata nguvu yake kupitia laini yenyewe, kwa kawaida volti 48 hivi kutoka kituo cha simu, ndiyo maana mara nyingi ililia hata taa za mtaa mzima zilipozimika. Kitako hutegemea umeme wa nyumbani, kwa hiyo ukikatika, mlio nao hupotea. Umeme ukiwapo na taa ya kitako haiwaki, jaribu soketi nyingine, kisha soma maandishi ya adapta. Volti inazotoa lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya kitako. Nyumba yenye adapta nyingi zinazofanana hukosea hapa mara kwa mara, hasa baada ya kupaka rangi au kuhamisha samani.

Chukulia sasa nyumba ya pwani ambamo kitufe kile kilibonyezwa na mkono ukalia vizuri, ila mlio wa laini haukuwapo. Fundi alichukua simu ya kawaida ya waya, akaichomeka moja kwa moja ukutani, akasikia mlio. Laini ilikuwa nzima. Kisha akaurudisha waya wa kitako ukutani, akauchomoa upande wa kitako, na ncha hiyo akaichomeka kwenye simu yake. Kimya. Kosa lilikuwa kwenye waya wenyewe, na vijipini vya shaba kwenye plagi vilikuwa na kutu ya kijani, kazi ya hewa ya chumvi. Waya mpya ulimaliza shida. Angalizo moja: waya wa simu nyingine unaweza kuingia vizuri kwenye tundu na bado usipitishe mlio, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji huunganisha nyuzi zao kwenye pini tofauti. Ukiweza, nunua wa aina ileile.

Betri zina tabia yake. Mikono mingi hutumia mbili ndogo za kuchajiwa, zilizoandikwa Ni-MH, kila moja volti 1.2. Betri iliyochoka huonyesha imejaa skrini ikiwa tulivu, kisha skrini hufifia au kuzimika mara tu unapobonyeza kitufe cha kupiga, kwa sababu hapo ndipo redio inapohitaji nguvu nyingi. Ukiona hivyo baada ya kuchaji usiku kucha, badilisha zote mbili kwa pamoja. Usiweke betri za kawaida za tochi au redio, maana kitako kitajaribu kuzichaji, na zinaweza kuvuja au kupasuka.

Hata hivyo, betri nzuri haichajiki kama vibati vya chuma vilivyo kwenye kitako na chini ya mkono haviwezi kugusana. Dalili ni kwamba ukiuweka mkono mahali pake, hakuna sauti wala alama ya kuchaji, lakini ukiusukuma kidogo kando inajitokeza. Chomoa adapta, futa vibati kwa kitambaa kikavu, na uchafu mgumu uondoe kwa kifutio cha penseli. Msasa usitumie kamwe, kwani huondoa tabaka linalozuia kutu na baada ya muda hali huwa mbaya zaidi. Kibati kilichozama ndani kiinue kwa upole.

Simu ya waya ikinyamaza ukutani, usinunue waya wala betri. Tatizo liko kwenye laini ya nyumba au ya kampuni ya simu. Piga kuripoti, na waambie mara moja kwamba umejaribu simu ya waya ukutani na hakuna mlio.