Mkaa wa Vifuu na Sufuria ya Maharage

Katika masoko ya Pwani ya Tanzania, nazi zikishakunwa vifuu hubaki marundo. Hapo ndipo watengenezaji wengi wa mkaa mbadala hupata malighafi, kwa kuwa kifuu ni kigumu, huwaka kwa joto kali na huacha majivu machache kuliko pumba za mpunga.

Vifaa si vingi: pipa la lita 200 lililotobolewa chini, kinu au mashine ya kusagia, chekeche, sufuria kubwa na mashine ya mkono ya kushindilia. Vifuu vikavu hujazwa kwenye pipa na kuwashwa. Mwanzoni moshi huwa mweupe na mzito. Ukishakuwa mwembamba wenye rangi ya samawati, pipa hufunikwa na matundu yote huzibwa kwa udongo, kisha huachwa hadi lipoe kabisa. Anayefungua mapema huingiza hewa, makaa yakawaka upya na kazi yote ikaishia majivu. Kilo 10 za vifuu hutoa takriban kilo 3 za mkaa.

Mkaa huo husagwa na kuchekechwa. Kwa kila kilo 10 za unga wake, nusu kilo ya unga wa muhogo hupikwa uji mzito wa kugandishia. Mchanganyiko ukifinywa kiganjani unapaswa kushikamana bila kuchuruza maji. Wapo wanaoongeza udongo ili mzigo uwe mzito. Mteja hugundua haraka, maana jiko hujaa majivu na chakula hakiivi.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi. Siku ya kwanza vipande hukaa kivulini juu ya kichanja, kwani jua kali la ghafla huvipasua. Baadaye huanikwa juani siku tatu hadi tano, na masika huweza kupita wiki huku ukungu ukinyemelea. Njia ya uhakika ni kupima kipande kilekile kila jioni: uzito ukiacha kupungua, kimekauka. Kilichokauka nje tu hutoa moshi, na mteja aliyelia machozi jikoni harudi.

Bei nayo ina mtego. Tuseme kilo 10 zinagharimu shilingi 7,000, kuanzia usafiri wa vifuu na unga wa muhogo hadi vibarua na mifuko. Kilo moja basi imegharimu 700, na kuiuza 1,000 kunaacha faida. Lakini mkaa wa kawaida huuzwa kwa kopo, na kopo la mkaa mbadala ulioshindiliwa huwa zito zaidi. Anayefuata bei ya kopo la jirani hujikata mwenyewe. Afadhali auze kwa mizani.

Kaya nazo hazishawishiki kwa hotuba. Mkaa huu huchelewa kushika moto, kwa hiyo anayeujaribu kwa chai ya asubuhi atauchukia. Muuzaji mwerevu huwasha majiko mawili mbele ya wateja, mkaa wa uzito sawa, kila jiko na sufuria ya maharage. Huanzishia moto kwa vipande vichache vya mkaa wa kawaida, na huwaonya wasichokoe jiko, kwa sababu vipande vikivunjika moto hufifia. Huwaambia pia wapikie penye hewa, kwani nao hutoa gesi ya sumu kama mkaa mwingine. Wengi huanza kwa kuununua kwa ajili ya maharage na makande tu, huku wakibaki na mkaa wao wa chai.