Nyasi za Marsabit zilichipua lini?

Chukua kipande kimoja cha malisho katika kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, chenye mita 250 kila upande. Wachambuzi wawili wanapewa picha zilezile za setilaiti za kipande hicho na kuulizwa swali moja: nyasi za masika zilianza kuchipua lini? Wa kwanza anajibu 27 Machi. Wa pili anasema 7 Aprili. Hakuna aliyekosea hesabu. Siku hizo 11 zimetokana na uamuzi mmoja mdogo, na wasipouandika katika ripoti zao, msomaji hatajua kwa nini hawapatani.

Marsabit hupata mvua mara mbili kwa mwaka, za masika kuanzia Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kati ya misimu hiyo ardhi hukauka na mifugo hukonda. Januari 2010 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, pamoja na washirika wake, ilianzisha huko bima ya mifugo inayotegemea picha za setilaiti. Hakuna anayepita kuhesabu mizoga. Malisho yakionekana kutoka angani kuwa haba kuliko kawaida ya eneo hilo, mfugaji aliyekata bima hulipwa. Malipo ya kwanza yalitolewa Oktoba 2011, baada ya ukame mkali wa mwaka huo. Ukijani unapoamua nani apokee fedha na nani asipokee, ni haki ya mfugaji kwamba njia ya kuupima iandikwe kwa ukamilifu.

Setilaiti yenyewe haijui nyasi ni nini. Hupima mwanga unaorudi kutoka ardhini. Jani bichi hunyonya sehemu kubwa ya mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, lakini hurudisha kwa wingi miale ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni. Udongo mkavu hautofautishi sana kati ya hiyo miwili. Kielezo cha ukijani kinachotumika zaidi hupima pengo hilo:

```
NDVI = (NIR - Red) / (NIR + Red)
```

Tuseme mapema Machi kipande chetu kinarudisha asilimia 20 ya mwanga mwekundu na asilimia 29 ya infraredi. Toa 0.20 kutoka 0.29, kisha gawa kwa jumla yake, 0.49: unapata 0.18. Mwezi Mei, majani yakiwa tele, nyekundu inashuka hadi 0.14 na infraredi inapanda hadi 0.36. Kielezo kinakuwa 0.44. Hizi ni namba za mfano, lakini ndivyo malisho makavu yanavyopanda baada ya mvua.

Picha moja haisimulii msimu. Kinachohitajika ni mfululizo. Setilaiti ya Terra, iliyorushwa Desemba 1999, hupita karibu kila siku, na vipimo vyake hukusanywa katika faili zinazoitwa MOD13Q1. Katika kila siku 16, kila pikseli huchaguliwa kipimo chake kilicho bora, kwa kupendelea siku isiyo na mawingu na yenye ukijani mkubwa. Kwa mwaka zinapatikana picha 23. Kwa masika ya kipande chetu, tuseme zinasoma hivi: 6 Machi 0.18, 22 Machi 0.20, 7 Aprili 0.31, 23 Aprili 0.19, 9 Mei 0.44, kisha 25 Mei 0.40.

Hiyo 0.19 ya 23 Aprili inatia shaka mara moja. Vichaka haviwezi kupukutisha majani yote katikati ya mvua na kuyarudisha baada ya wiki mbili. Shimo la ghafla, la picha moja tu, tena katika mwezi wa mvua, mara nyingi ni wingu. Faili lenyewe huja na tabaka la ubora, `pixel reliability`, na pikseli yenye wingu hupewa humo namba 3. Mchambuzi huitoa thamani hiyo na kuweka wastani wa majirani zake wawili, 0.31 na 0.44, yaani karibu 0.38.

Wengine hupitisha mstari mzima kwenye kichujio cha kulainisha. Kichujio husaidia, ila kikilainisha kupita kiasi, mpando mkali wa nyasi husambazwa pande zote mbili, na msimu huonekana umeanza kabla mvua yenyewe haijanyesha. Ndiyo maana mstari uliolainishwa unapaswa kuchorwa juu ya nukta halisi, msomaji aone kilichobadilishwa.

Sasa turudi kwa wachambuzi wetu. Kutoka 0.18 hadi kilele cha 0.44 kuna kimo cha 0.26. Wa kwanza alisema msimu unaanza mstari unapofikia asilimia 20 ya kimo hicho, yaani kama 0.23, na mstari hupita hapo 27 Machi. Wa pili alichagua asilimia 50, ambayo ni 0.31, na hiyo ilifikiwa 7 Aprili. Vizingiti vyote viwili hutumika katika utafiti. Cha kwanza kinakaribia chipukizi. Cha pili kinakaribia wakati mbuzi wana cha kushiba.

Lipo kosa jingine, na hili huwapita hata wazoefu. Tarehe iliyo kwenye jina la faili ni siku ya kwanza ya zile 16, siyo siku picha ilipopigwa. Siku halisi imo ndani ya faili, katika tabaka la `composite day of the year`. Tuseme thamani ya "22 Machi" ilipimwa kweli 4 Aprili, na ya "7 Aprili" ikapimwa 9 Aprili. Kwa kizingiti kilekile cha asilimia 20, mwanzo wa msimu unahama kutoka 27 Machi hadi 5 Aprili. Siku tisa zimehama, na hakuna jani hata moja lililobadilika.

Hata tarehe ikiwa sahihi, ukijani si lishe. Mathenge, mti uliovamia malisho mengi ya nyanda kavu za Kenya, hubaki kijani wakati nyasi zimekwisha, kwa sababu mizizi yake hufuata maji ya chini kabisa. Palipo na mathenge wengi kielezo kinaweza kusema hali ni nzuri huku ng'ombe wakilala njaa. Hili hugunduliwa kwa kwenda kwenye kipande chenyewe, au kwa kutazama mstari wa miaka kadhaa: usiposhuka kama wa jirani zake kiangazi, anayebaki kijani pale huenda ni mti.

Kwa hiyo aya ya mbinu ya kipande chetu ingeandikwa hivi: "Tulitumia NDVI ya MOD13Q1, ya mita 250 na siku 16. Tulitoa thamani zote ambazo `pixel reliability` haikuwa 0 au 1, na pengo la picha moja tukalijaza kwa mstari ulionyooka. Hatukulainisha. Kila thamani ilipewa siku yake halisi ya kupimwa. Mwanzo wa msimu ni siku kielezo kilipofikia asilimia 20 ya kimo kati ya thamani ya chini kabla ya mvua na kilele. Kwa kizingiti cha asilimia 50, tarehe inasogea kutoka 5 Aprili hadi 9 Aprili. Maeneo yenye mathenge hayakuhesabiwa."