Kwa Nini Plastiki Hutangulia Risasi

Itriamu-90, itumikayo kutibu saratani ya ini, hutoa elektroni zenye nishati ifikayo MeV 2.28. Ndani ya maada, elektroni hupoteza nishati kwa kugongana na elektroni za atomi, au kwa kupindwa karibu na kiini na kutoa eksirei. Njia hizo hulingana kwenye nishati kizingiti: takriban MeV 7 katika risasi, 80 katika maji.

Chini ya kizingiti migongano hutawala, lakini eksirei hazikomi. Kwenye MeV 2, upotevu wa eksirei katika risasi hufikia takriban moja ya tano ya ule wa migongano. Katika plastiki, asilimia 1 hadi 2 hivi.

Basi bomba la sindano lifunikwe kwanza kwa plastiki ya sentimita 1 inayosimamisha elektroni. Risasi, ikihitajika, ikae nje. Ikitangulia risasi, eksirei zitaifikia mikono ya mhudumu.