Kiima Kilichojificha Ndani ya Kitenzi

Mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza aliandika katika daftari lake: "My mother she is sick." Nikakata "she" kwa kalamu nyekundu. Akaja mezani kuniuliza, "Mwalimu, kosa liko wapi?" Lilikuwa swali zuri, maana alikuwa amefuata kanuni za Kiswahili bila kuzikosea hata moja.

Kichwani alikuwa na sentensi "Mama yangu anaumwa." Ile a- ya mwanzo ni kiambishi cha nafsi. Inamwakilisha mama ingawa ametajwa tayari, na huwezi kuiondoa: ukisema "naumwa," mgonjwa ni wewe. Mtoto aliisikia a-, akaitafutia neno la Kiingereza.

Kwa kuwa kiambishi hicho kimo ndani ya kitenzi, mama mwenyewe anaweza kuachwa tukabaki na "Anaumwa." Mtu akisema "Kimevunjika," tunajua si sahani wala mti; ni kikombe, kiti au kitu kingine cha ngeli hiyo. Kiingereza hakina hazina hiyo. "Broke" ni ileile, awe amevunja mtoto, nimevunja mimi au kikombe kimevunjika chenyewe. Kiingereza cha kale kilikuwa na miisho mingi ya kutofautisha nafsi, nayo ikapukutika, katika vitenzi vya kawaida imebaki -s ya "she eats." Kwa hiyo, ukiacha amri kama "Come!", kiima husimama nje ya kitenzi kama neno kamili, hata pasipo na cha kutajwa. Katika "It is raining," ile "it" si mvua wala si mbingu. Inashika nafasi tu.

Nasi tunaye mshika nafasi wetu. Alfajiri tunasema "Kumekucha," na hiyo ku- haimtaji yeyote. Tofauti ni kwamba wetu amegandamana na kitenzi.

Ukitaka kuona kazi ya kiambishi hicho, kiondoe. Hu- ya mazoea hukaa mahali pake, na "Hula ugali" inakuacha ukiuliza: nani? Ndiyo maana hapo tunarudi kutaja: watoto hula, mimi hula. Kitenzi kikinyamaza, jina linaitwa.

Hata hivyo, miisho peke yake haielezi yote. Kijerumani kimebaki na miisho yake na bado kwa kawaida kinadai kiima; Kichina hakina miisho ya nafsi, na wasemaji wake hukiacha kiima kinapoeleweka.

Yule mtoto nilimwambia hivi: mwenye jina akishatajwa, a- usiifasiri, asipotajwa, ifasiri. Akaandika "My mother is sick," na chini yake "She is sick." Kisha akauliza angeandika nini kama hajui anayeumwa ni mwanamume au mwanamke, kwa sababu a- haisemi.